Makubaliano ya shamba ya 1997 yaliyoandikwa kwa mkono: tarakimu moja haieleweki, na kuna mstari ulioongezwa. Nichape vipi?

Kijana_wa_Riruta

Wakuu, hamjambo. Marehemu baba alinunua kipande cha ardhi hapa Riruta mwaka 1997. Makubaliano yaliandikwa kwa Kiswahili na mzee mmoja wa mtaa kwenye fulskapu mbili. Walisaini muuzaji, baba na mashahidi wawili, kisha chifu wa wakati huo akagonga muhuri. Tulijenga na tumeishi hapo tangu mwaka uleule. Muuzaji alifariki kabla ya kutugawia hatimiliki, na sasa watoto wake wanasema tunakalia zaidi ya kile baba yao alichouza.

Wakili wetu ameomba picha za karatasi yenyewe pamoja na nakala iliyochapwa, kwa sababu mwandiko ni mgumu na karatasi imechakaa. Nimeanza kuchapa mwenyewe na nimekwama.

Namba ya shamba ni Dagoretti/Riruta/ kisha tarakimu nne (mbili za mwanzo nimezificha hapa, niziite xx). Ya tatu ni 4. Ya mwisho inaweza kuwa 1 au 7, na mkunjo wa karatasi umepita juu yake.

Jina la muuzaji juu ya ukurasa limeandikwa Kariuki, lakini chini penye sahihi ni Kairuki.

Ukubwa umeandikwa "futi 50 kwa 100", halafu mbele kidogo "yaani hekta 0.45".

Na kati ya mstari wa tisa na wa kumi kuna maneno yamebanwa kwa wino wa buluu, "pamoja na njia futi 12", ilhali karatasi yote imeandikwa kwa wino mweusi. Pembeni kuna herufi mbili za jina la baba, za muuzaji sizioni. Ugomvi wetu wenyewe ni hiyo njia.

Jirani ananishauri nichape kitu safi, nirekebishe makosa, nimpelekee chifu wa sasa agonge muhuri. Mnaonaje?

Bw_Ploti

Ndugu yangu, nimefanya kazi ya mashamba muda mrefu. Korti haina muda wa kusoma karatasi ya mikunjo. Chapa safi, weka hekta sahihi, weka jina kama lilivyo kwenye hatimiliki, kisha mtafute shahidi aliye hai asaini ile iliyochapwa. Tarehe iwe ileile ya 1997 ili isilete maswali.

Isitoshe, mmekaa hapo zaidi ya miaka 12. Sheria inasema ni yenu. Karatasi hata huihitaji.

MamaTaipu

Kijana, tafadhali usifanye hivyo hata kidogo. Nimechapa hati katika ofisi za mawakili hapa mjini tangu enzi za mashine za taipu, na hili nalijua vizuri.

Ukichapa upya, ukarekebisha, shahidi akasaini leo kwa tarehe ya 1997, hapo huna nakala. Umetengeneza hati mpya yenye tarehe ya uongo, na huko ni kughushi. Wakili wa upande wa pili atakuuliza swali moja tu kizimbani: "Hii karatasi ilisainiwa lini?" Na ile ya asili, ambayo pengine ingekuokoa, itatiliwa shaka pamoja nayo. Muhuri wa chifu wa leo pia hauna kazi hapo, kwa sababu hakuwapo walipokuwa wakisaini.

Alichokuomba wakili ni kitu kingine kabisa. Nakala ya chapa ni msaada wa macho. Makubaliano ni yale ya mkono, na yatabaki kuwa yale ya mkono. Nakala inawekwa kando yake ili hakimu na mawakili wafuate mstari kwa mstari bila kukodoa. Kwa hiyo kazi yako ni kuandika kilicho kwenye karatasi, pamoja na makosa yake, na mahali usipoona useme huoni.

Juu ya ukurasa wa kwanza andika wazi kwamba hii ni nakala iliyochapwa ya makubaliano yaliyoandikwa kwa mkono tarehe fulani, ameichapa nani, lini, na kutoka kwenye nini: karatasi yenyewe au picha. Mstari mmoja wa karatasi uwe mstari mmoja wa chapa, hata kama unakatika katikati ya neno, na uipe mistari namba. Maneno yako yote yakae ndani ya mabano ya mraba na yasikae mahali pengine popote. Usiweke sehemu ya kusaini chini. Pale penye sahihi andika [sahihi], penye dole andika [alama ya dole gumba], penye muhuri eleza muhuri unasomeka nini.

Mahali pako pagumu pangekaa hivi:

```
6  shamba namba Dagoretti/Riruta/xx4[1?]
   [tarakimu ya mwisho ipo kwenye mkunjo; huenda ni 7]
9  kipande cha futi 50 kwa 100 yaani hekta 0.45 [kama ilivyo]
   [kati ya mstari 9 na 10, wino wa buluu:] pamoja na njia futi 12
   [pembeni, wino wa buluu, herufi mbili]
10 kwa bei ya shs 170,000/= laki moja na elfu sabini
```

Hayo maneno ya bei na ya mstari wa 10 nimeyakisia tu ili uone umbo lake. Wewe uweke yaliyopo.

Kijana_wa_Riruta

Asante sana mama. Umekisia vizuri, bei ni hiyohiyo 170,000 na imeandikwa kwa maneno pia. Lakini hapo kwenye tarakimu, si wakili atataka jibu moja? Nikiandika [1?] si naonyesha udhaifu wetu?

MamaTaipu

Udhaifu uko kwenye karatasi, na wenzako wataiona. Ukiandika 7 bila alama, halafu wao wakaweka karatasi mbele ya hakimu na ikaonekana kama 1, watasema umebadilisha namba. Kuanzia hapo hata mistari uliyoinakili sawasawa itatiliwa shaka.

Lakini kuonyesha shaka si kukaa bila kutafuta. Mwandishi mwenyewe atakusaidia. Tazama jinsi alivyoandika 1 na 7 mahali pengine ambapo huna shaka nazo. Mwaka 1997 una zote mbili. Bei ya 170,000 ina zote mbili, na maneno "laki moja na elfu sabini" yanathibitisha ipi ni ipi. Namba za vitambulisho nazo. Je, 7 zake anazikata kwa kamstari katikati? 1 yake ina kipembe juu au ni mstari mtupu? Piga picha ya kila moja, zipange pamoja na ile ya kwenye mkunjo, ukuze zote kwa kiasi kimoja.

Upigapo picha, usitumie flashi ya mbele. Zima taa ya dari, laza karatasi bapa, weka tochi pembeni karibu sawa na meza ili mwanga upite chini chini. Kalamu ya biki huacha mfereji kwenye karatasi hata wino ukipauka, na mwanga wa pembeni huonyesha mfereji huo. Geuza pia karatasi uangalie nyuma, pengine mkandamizo umetokeza. Usipige pasi mkunjo, usipake chochote, usifuatishe kwa kalamu, na kwa jina la Mungu usiipeleke saiba ikawekwe laminati. Ikishafunikwa plastiki, mtaalamu wa maandishi hawezi tena kuugusa wino.

Mkaazi_Kayole

Samahani kuingilia. Mimi nina cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi na namba ya ploti imeandikwa kwa kalamu. Nataka kumuuzia mtu. Naweza kutumia huo mpangilio wa mama kuandika makubaliano ya kuuza?

Wakili_wa_Jioni

Mkaazi, hilo ni jambo tofauti. Hapa tunazungumzia kunakili hati iliyokwisha kusainiwa. Wewe unataka kuandika mpya, na yako itabanwa na sheria ya sasa: kwa mikataba ya ardhi ya kuanzia 1 Juni 2003, lazima iwe kwa maandishi, isainiwe na pande zote, na sahihi ya kila upande ishuhudiwe na mtu aliyekuwapo ikisainiwa. Fungua uzi wako tukusaidie, na kabla ya yote nenda ofisi ya kampuni uthibitishe namba kwenye daftari lao la wanachama.

Kijana, nikuambie kwa nini tarehe hiyo inakuhusu wewe pia. Makubaliano yenu ni ya 1997, yanapimwa kwa sheria iliyokuwapo kabla ya 2003. Wakati huo iliwezekana kutegemea maandishi yaliyosainiwa na yule anayeshtakiwa, na pia ukweli kwamba mnunuzi alishaingia na kukaa kama sehemu ya kutekeleza mkataba. Kwa hiyo kama shahidi mmoja hakuandika namba ya kitambulisho, au dole halina jina kando yake, usijaribu "kukamilisha" kwa kudhani sheria inadai. Nimewahi kuona watu wakijaza maelezo ya mashahidi kwenye hati ya zamani kwa hofu ya sheria ambayo haikuwa inaihusu, wakaharibu hati iliyokuwa nzima.

Kwa Bw_Ploti: la miaka 12 umeligusa nusu. Kukaa miaka 12 kunahesabiwa pale unapokaa bila ruhusa ya mwenyewe. Mnunuzi aliyeingia kwa makubaliano yuko pale kwa ruhusa mpaka amalize kulipa. Mahakama zetu zimeshikilia kwamba saa inaanza kugonga siku ya malipo ya mwisho. Kwa hiyo swali langu kwa Kijana ni hili: nyuma ya karatasi kuna nini?

Kijana_wa_Riruta

Wakili, nyuma ya fulskapu ya pili kuna orodha ya malipo. Sikuwa nimefikiria kuichapa, niliona ni hesabu za baba tu. Mistari ni mitatu. 14/3/97, laki moja. Halafu 2/8/97, kiasi kimefunikwa na doa la chai au maji. Halafu 3/ kisha tarakimu kama 4 au 9, /98, elfu thelathini, "imekwisha", na sahihi ya muuzaji.

Na nimeangalia hizo 7 kama mama alivyosema. Zote anazikata katikati: kwenye mwaka, kwenye bei, kwenye kitambulisho cha baba. Ile ya shamba sioni kamstari, lakini mkunjo uko palepale kamstari kingekuwa.

Wakili_wa_Jioni

Huo ukurasa wa nyuma ni wa thamani kuliko unavyodhani. "Imekwisha" yenye sahihi ya muuzaji ndiyo inayoonyesha bei ililipwa yote, na ndiyo inayoweka siku ambayo miaka 12 ilianza kuhesabiwa, kama wakili wako ataamua kupita njia hiyo pia. Uchapwe kama sehemu ya hati, ukitajwa kuwa ni upande wa nyuma wa karatasi ya pili. Aprili au Septemba 1998 haitabadilisha mengi leo, maana yote mawili yamepita miaka 12 zamani. Hata hivyo iandike [4?] na maelezo yake, usichague.

MamaTaipu

Na hapo kwenye doa kuna hesabu nzuri. Bei ni 170,000. Malipo ya kwanza 100,000, ya mwisho 30,000, kisha imeandikwa "imekwisha". Ya katikati inapaswa kuwa 40,000. Lakini hukuisoma, umeikokotoa. Kwenye nakala andika [haisomeki, doa] na hesabu hiyo iende kwenye barua yako kwa wakili. Ukiweka 40,000 ndani ya nakala, msomaji atadhani uliiona kwa macho.

Kama chini ya doa unaona hata tarakimu moja, iandike hiyo moja, nyingine ziache mabano.

Bw_Ploti

Sawa, nakubali la kusaini upya. Lakini hekta jamani! 0.45 ni kosa dhahiri, hata mtoto anaona. Kwa nini tuache kosa linalowapa wenzake nafasi?

Sovea_Dagoretti

Bw_Ploti uko sawa kwamba ni kosa. Futi 50 ni mita 15.24, futi 100 ni mita 30.48. Zidisha upate kama mita za mraba 464.5, yaani hekta 0.0465. Hati nyingi za ploti za 50 kwa 100 utaona zimeandikwa 0.045 au karibu na hapo. Mzee aliyeandika alisahau sifuri moja. Hekta 0.45 ingekuwa zaidi ya ekari nzima.

Lakini ukiirekebisha wewe unayechapa, umeamua kesi. Ni nani aliyesema futi ndizo sahihi na hekta ndizo zimekosewa? Mimi naweza kusema, kwa kupima ukuta na ua vilivyopo na kuonyesha kwamba vinalingana na futi. Hiyo ni ripoti ya mpimaji, ina jina langu, naweza kuulizwa maswali juu yake. Karani wa kuchapa hawezi kuulizwa hayo.

Kuhusu 41 au 47, kuna njia isiyotegemea mwandiko. Makubaliano ya zamani mara nyingi hutaja mipaka. Je, yako inataja jirani, barabara au mto?

Kijana_wa_Riruta

Inasema "upande wa chini unapakana na barabara ya kwenda kanisani na upande wa juu shamba la" kisha jina la jirani, ambalo linasomeka vizuri.

Sovea_Dagoretti

Basi tafuta ramani ya eneo inayotumiwa na masjala, ile ya sehemu ya Dagoretti/Riruta. Inapatikana kwa idara ya upimaji kule Ruaraka. Ramani za upande wetu ni za mipaka ya jumla, hazikupi vipimo vya kutegemea, lakini zinakuonyesha shamba lipi linagusa barabara na lipi halifiki. Xx41 na xx47 huenda haziko hata karibu.

Kisha fanya sachi ya namba zote mbili, usifanye ya moja. Angalia yapi yalikuwa kwa jina la muuzaji au la baba yake mwaka 1997. Ujihadhari na kitu kimoja: shamba likigawanywa, namba ya zamani hufungwa na vipande vinapewa namba mpya. Kama familia ya muuzaji waligawana baada ya 1997, sachi ya leo inaweza kukuonyesha kwamba namba imefungwa, ukadhani umekosea kusoma. Wakili aombe nakala iliyothibitishwa ya kadi ya kijani, maana hiyo ndiyo inayoonyesha shamba limepita kwa nani na lini.

Na kwa wengine mnaosoma wenye karatasi za mjini zenye L.R. No.: sehemu kubwa ya Nairobi namba hizo zimekuwa zikibadilishwa kuwa za Nairobi/Block tangu kanuni za 2017. Karatasi yako ikisema L.R. No., ichape L.R. No. Namba mpya iende kwenye maelezo ya pembeni.

Kijana_wa_Riruta

Nimewaelewa. Na jina? Kwenye kitambulisho cha muuzaji sijui liliandikwaje, watoto wanatumia Kariuki.

MamaTaipu

Yaandike yote mawili kama yalivyo, kila moja mahali pake. Kariuki na Kairuki kwa macho ya masjala ni majina mawili. Wakili wako atashughulikia kwamba ni mtu mmoja kwa hati ya kiapo ya mtu anayemfahamu, na kwa namba ya kitambulisho. Kwa hiyo namba ya kitambulisho ya muuzaji ndiyo uitazame kwa makini kuliko jina.

Hapo kuna mtego ninaokutana nao mara kwa mara. Kadi ina namba mbili, ya kitambulisho na ile ya mfululizo ya kadi yenyewe ambayo ni ndefu zaidi. Waandishi wa mtaani walinakili yoyote iliyokuwa karibu na macho. Namba za kitambulisho za watu wazima wa wakati huo nyingi zina tarakimu saba au nane. Ukihesabu tisa, usifute moja ili "itoshe". Ziandike zote tisa, na umwambie wakili kwamba huenda hiyo ni namba ya kadi.

Majina yetu haya pia yasome herufi kwa herufi, usiyasome kwa mazoea. Njeri na Njeru ni mwanamke na mwanamume. Ng'ang'a akiandika bila alama za juu, wewe usimwekee. Kompyuta ikikupigia mstari mwekundu chini ya jina, zima kabisa hicho kisahihishaji kabla hujaanza, kwani kuna zinazobadilisha neno bila kukuuliza.

Wakili_wa_Jioni

Turudi kwenye wino wa buluu, kwa sababu ndiyo kesi yenyewe.

Kijana, unasema herufi za pembeni ni za baba yako peke yake. Nyongeza iliyowekwa alama na upande mmoja tu, tena ule unaonufaika nayo, itashambuliwa. Hilo haliifanyi kuwa ya uongo. Huenda muuzaji alikubali palepale na hakuna aliyefikiria kumwomba aweke alama. Lakini ukiichapa ndani ya mstari wa tisa kama vile ilikuwa hapo tangu mwanzo, utakuwa umeficha jambo ambalo mwenzako atalifichua, na hapo hata mkiwa na haki itaonekana ni ujanja.

Je, makubaliano yaliandikwa kwa kaboni? Mwaka huo ilikuwa kawaida kuandika nakala mbili kwa mkupuo mmoja.

Kijana_wa_Riruta

Ndiyo! Mama anakumbuka kulikuwa na kaboni, na nakala ya chini alibaki nayo muuzaji. Watoto wake wanasema wanayo, lakini hawajatuonyesha.

Wakili_wa_Jioni

Basi wakili wako aandike barua kuomba kuiona, na kama kesi imefunguliwa, aombe mahakama iamuru itolewe. Kaboni ikiwa na maneno ya njia mahali palepale, yaliongezwa karatasi zikiwa bado pamoja, na hoja yao inadhoofika sana. Ikiwa hayapo, yaliongezwa baada ya karatasi kutenganishwa. Hapo mtahitaji ushahidi mwingine: nani alikuwapo, muuzaji alijua, njia imetumiwa tangu lini.

MamaTaipu

Naongeza kidogo. Kaboni inaweza kuwa na maneno hayo lakini yakiwa yamesogea, hayakai sambamba na mistari mingine. Hiyo huwa ni ishara kwamba karatasi ziliondolewa kisha zikarudishwa pamoja. Au maneno yapo kwenye kaboni lakini kwa kalamu ya moja kwa moja, si kwa rangi ya kaboni. Kwa hiyo kaboni mkipewa, ichape nayo kama hati yake yenyewe, kuanzia mwanzo. Usichukue nakala uliyochapa kwanza ukabadilisha hapa na pale.

Na usitarajie mtaalamu wa maandishi amalize ubishi wote. Anaweza kusema wino ni tofauti na pengine mkono ni tofauti. Kusema uliwekwa mwaka gani ni kazi ngumu zaidi.

Kijana_wa_Riruta

Shahidi mmoja bado yuko hai, mzee wa miaka mingi, anaishi Waithaka. Mwingine aliweka dole, ameshafariki. Nilikuwa nimpelekee nakala yangu aithibitishe.

Wakili_wa_Jioni

Usimpelekee. Kwanza mwache wakili amsikilize bila karatasi yoyote: anakumbuka nani alikuwapo, walikaa wapi, njia ilizungumzwa au haikuzungumzwa. Kisha aonyeshwe karatasi ya asili na aulizwe kama anaitambua sahihi yake. Nakala yako ya chapa aione mwisho, au asiione kabisa. Mzee akishasoma "futi 12" kwa herufi kubwa safi, hata yeye hatajua tena kama anakumbuka au amesoma. Na wewe usikae chumbani wakati anaulizwa.

Kwa kuwa ni mzee, hilo lifanyike mapema.

Bw_Ploti

Hapo kwa mzee nakuunga mkono. Nimeona mashahidi wakifa kesi ikisubiri tarehe.

MamaTaipu

Sasa ukimaliza kuchapa, usijisahihishe peke yako. Macho yaliyochapa husoma kile yanachokumbuka. Tafuta mtu ambaye hajui ugomvi wenu, si mama yako wala ndugu yako. Yeye ashike karatasi ya asili na asome kwa sauti, wewe ufuate kwenye chapa. Tarakimu zisomwe moja moja: "moja, tisa, tisa, saba", si "tisini na saba". Herufi kubwa na nukta zitajwe. Kisha mbadilishane, wewe usome chapa yeye afuate asili. Namba za shamba na vitambulisho zisomeni pia kuanzia nyuma kwenda mbele, maana ukisoma kinyume huwezi kukisia inayofuata.

Kila mahali mnapotofautiana, usimshinde kwa maneno. Kama watu wawili wameona vitu viwili, hapo pana mabano.

Wakili_wa_Jioni

Jambo moja la mwisho upande wangu. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ina hadhi ya Mahakama Kuu, na lugha yake ya kumbukumbu ni Kiingereza. Karatasi yenu ni ya Kiswahili, kwa hiyo kutakuwa na hati tatu: picha ya asili, nakala yako ya chapa kwa Kiswahili, na tafsiri yenye kiapo cha mfasiri. Msiunganishe mbili za mwisho. Mfasiri akitafsiri moja kwa moja kutoka kwenye mwandiko, kosa la kusoma na kosa la kutafsiri hayatenganishiki tena. Na mabano yako yote yaende kwenye tafsiri yakiwa vilevile.

Ninapotofautiana na MamaTaipu ni kwenye namba ya shamba. Kama 7 zote za mwandishi zimekatwa na hii haikukatwa, na ramani ikaonyesha xx41 ndiyo inayogusa barabara ya kanisani, mimi ningeandika xx41 na maelezo chini ya ukurasa. Hakimu anataka kusoma hati, hataki kusoma mashaka.

MamaTaipu

Wakili, kwa heshima, ramani haipo kwenye karatasi. Ikiwa unaijua 1 kwa sababu ya ramani, basi hukuisoma, umeithibitisha kwingine, na mahali pake ni kwenye maelezo ya shahidi au ripoti ya sovea. Mimi ningeacha [1?] hata kama nina uhakika moyoni.

Sovea_Dagoretti

Ofisi mbili nilizofanya nazo kazi kila moja ilikuwa na utaratibu wake kwa hilo. Kijana, mfuate wakili wako, yeye ndiye atakayesimama nayo. Ila usitumie njia zote mbili ndani ya hati moja. Ukichagua mabano kwa namba ya shamba, yatumie pia kwa tarehe ya 1998.

Kijana_wa_Riruta

Nimechapa upya kutoka mstari wa kwanza, mistari ina namba, kisahihishaji nimekizima. Kwa mwanga wa pembeni naona kamkwaruzo kadogo kwenye ile tarakimu. Huenda ni kamstari ka 7, huenda ni karatasi iliyochanika kwenye mkunjo. Kwa hiyo nimeiacha [1 au 7], na picha zote nimeziweka kwenye faili moja na za mwaka na bei. Namba ya kitambulisho ya muuzaji ina tarakimu nane, zote zinasomeka. Mwalimu mmoja asiyetufahamu vizuri amekubali kunisomea Jumamosi. Sachi za namba zote mbili nimeomba, bado majibu. Barua ya kaboni wakili ameshaituma.

Swali limebaki moja. Muhuri wa chifu una tarehe 17 Machi 1997, lakini juu ya makubaliano ni 14 Machi. Je, hilo nalo nieleze?

MamaTaipu

Tarehe ya muhuri iandike ndani ya mabano pamoja na maneno ya muhuri, na mahali ulipogongwa: juu ya sahihi, chini yake, au pembeni. Angalia vizuri kama wino wa muhuri umepita juu ya yale maneno ya buluu au ni maneno ya buluu yaliyopita juu ya muhuri. Kama vimegusana, piga picha ya karibu kabisa ya hapo na umpigie wakili kabla ya Jumamosi.